Wotamaki inapoingia kwenye maandishi: sawazisha mwanga kwanza ndo ukate

*"Habari mtaalamu. Nina steshenari hapa Mwenge, mteja kaniletea picha 140 alizopiga kwa simu, ni mihtasari ya kikundi chao pamoja na kurasa za mahesabu, anataka zote ziwe maandishi kwenye kompyuta. Kila ukurasa una nembo kubwa ya kijani iliyofifia katikati, neno NAKALA limepita mshazari, pembeni kuna urembo wa maua, na kurasa nyingine zina muhuri. Natumia Tesseract kuyasoma maandishi kwenye picha. Nimeongeza kontrasti, nimejaribu na ile nyeusi-nyeupe ya programu ya skani kwenye simu, ndo imezidi kuharibika, zinatoka herufi za ajabu na tarakimu nyingine siziamini. Nifanyeje?"*

Ndugu yangu, nianze na hicho ulichosema mwisho, kwamba tarakimu huziamini. Shikilia hapo hapo. Herufi za ajabu zinajionyesha zenyewe, ukiona "/l\7" katikati ya sentensi unajua ni taka unafuta unaendelea, ila tarakimu iliyobadilika haina alama yoyote, 1,870,000 ikitoka 1,370,000 inakaa pale imetulia kama ya kweli. Kwahiyo nitakueleza jinsi ya kuitoa wotamaki, yaani hiyo nembo na neno NAKALA vilivyofifia nyuma ya maandishi, halafu nitakueleza jinsi ya kujua kama ulipokuwa unaitoa umeondoka na maandishi pia, na hiyo ya pili naomba uisome kwa makini kuliko ya kwanza.

Kwanza tuelewane kwanini ile nyeusi-nyeupe ya simu imekuzidishia tatizo, maana watu wengi wanadhani hiyo ndo dawa. Mara nyingi programu kama ile haikati ukurasa mzima kwa kiwango kimoja, inaangalia kipande kidogo kidogo, na kwenye kila kipande inajiuliza hapa cheusi ni kipi na cheupe ni kipi. Kwenye karatasi tupu yenye kivuli cha mkono inafanya kazi vizuri sana, ndo ilitengenezwa kwa ajili hiyo. Sasa ipeleke kwenye nafasi kati ya mstari na mstari ambapo hakuna maandishi, kuna kipande tu cha herufi N ya NAKALA. Pale kitu cheusi kuliko vyote ni hiyo wotamaki, kwahiyo programu inaichukua inaifanya nyeusi tii, sawasawa na wino. Yaani kitu ambacho jicho lako lilikuwa linakiona kimefifia, yenyewe imekipandisha cheo kikawa maandishi. Na ukishahifadhi picha hiyo hakuna kurudi, tofauti kati ya wino na wotamaki imeshafutika. Ndo maana naomba urudi kwenye picha za mwanzo kabisa za mteja, hizo ulizochuja weka pembeni.

Kuongeza kontrasti nako kuna shida yake. Chukua ukurasa uliopigwa karibu na dirisha, upande mmoja una mwanga, upande mwingine una kivuli cha aliyepiga. Kwenye kompyuta kila pikseli ina namba kuanzia 0 ambayo ni nyeusi mpaka 255 ambayo ni nyeupe. Upande wa mwanga karatasi inaweza kuwa 220, wotamaki 185, maandishi 90, na zile sehemu nyembamba za herufi ambazo tona ilikuwa hafifu zikafika 120. Upande wa kivuli karatasi yenyewe imeshuka hadi 120, wotamaki 101, maandishi 50, sehemu nyembamba 65. Sasa angalia: karatasi ya upande wa kivuli ni 120, na herufi nyembamba ya upande wa mwanga nayo ni 120. Ni namba moja, ila moja ni karatasi na nyingine ni wino. Ukikata kwenye 130, yaani kilicho chini yake kiwe cheusi na kilicho juu kiwe cheupe, kivuli chote kinakuwa cheusi, ukikata kwenye 110 unapoteza herufi nyembamba upande wa mwanga na bado wotamaki ya kivulini inaingia kwasababu ni 101. Hakuna namba itakayofaa pande zote mbili, na kontrasti hata uivute vipi haiumbi namba ambayo haipo.

Lakini fanya kitu kimoja, badala ya kuangalia namba yenyewe angalia imegawanywa kwa karatasi iliyo jirani yake. Wotamaki ya mwangani 185 gawa kwa 220 unapata 0.84. Ya kivulini 101 gawa kwa 120 unapata 0.84 vilevile. Maandishi 90 kwa 220 ni 0.41, na 50 kwa 120 ni 0.42. Zile nyembamba 120 kwa 220 na 65 kwa 120, zote zinacheza kwenye 0.54. Umeona? Mwanga unazidisha, kwahiyo ukigawanya unautoa, na mara moja wotamaki yote ya ukurasa mzima imekaa sehemu moja na wino wote umekaa sehemu nyingine, katikati kuna uwazi mkubwa kutoka 0.55 mpaka 0.84. Hapo sasa kiwango kimoja kinatosha, kata kwenye 0.7 hivi. Kwa namba za picha 0.7 ni karibu 180.

Swali linabaki, karatasi ya jirani tunaijuaje wakati juu yake kuna maandishi? Tunaikisia kwa unene. Ukurasa wa A4 ukiwa na pikseli kama 3,500 kwenda chini, milimita moja ni karibu pikseli 12. Miguu ya herufi za kawaida za saizi 12 ina unene wa pikseli 4 mpaka 6, yaani nusu milimita tu. Herufi za NAKALA zilizojaa ukurasa mzima, mguu mmoja unakwenda milimita 5 mpaka 10, ambayo ni pikseli 60 mpaka 120. Kuna njia ya kuiambia kompyuta: kila kitu cheusi chembamba kuliko pikseli 25, kijaze kwa rangi ya karatasi iliyokizunguka. Maandishi yanapotea, kinachobaki ni karatasi, kivuli, na kwa bahati nzuri sana na wotamaki yenyewe, kwasababu yenyewe ni nene. Kwahiyo unapogawanya picha kwa hiyo karatasi, kivuli kinaondoka na wotamaki inaondoka nacho kwa mkupuo mmoja, na kama pembeni pembeni itabaki mistari iliyofifia basi ile 180 inaimalizia.

Kodi yake ya kompyuta ni fupi, ukiwa na Python na maktaba ya picha ya OpenCV unaibandika hivi:

```python
import cv2
import numpy as np

picha = cv2.imread("ukurasa_01.jpg")
kijivu = picha.max(axis=2)
karatasi = cv2.morphologyEx(kijivu, cv2.MORPH_CLOSE,
                            np.ones((25, 25), np.uint8))
karatasi = cv2.medianBlur(karatasi, 31)
sawa = cv2.divide(kijivu, karatasi, scale=255)
safi = sawa.copy()
safi[safi > 180] = 255
cv2.imwrite("karatasi_01.png", karatasi)
cv2.imwrite("takataka_01.png", 255 - cv2.subtract(safi, sawa))
cv2.imwrite("safi_01.png", safi)
```

Angalia mstari wa `safi[safi > 180] = 255`. Sijaifanya picha iwe nyeusi na nyeupe tu. Kilicho juu ya 180 nakifanya cheupe, kilicho chini nakiacha na ukijivu wake. Tesseract ya sasa inasoma vizuri herufi zenye kingo laini, ukimpa herufi zilizokatwa kama kwa wembe zile nyembamba zinakatika katikati, na herufi iliyokatika ndo mwanzo wa 8 kuwa 3.

Kwenye hiyo kodi rangi nayo nimeitumia kidogo, ule mstari wa `picha.max(axis=2)`. Kila pikseli ya rangi ina namba tatu, nyekundu, kijani na bluu, na hapo tunachukua iliyo kubwa kati ya hizo tatu. Wino mweusi zote tatu ziko chini kwahiyo unabaki mweusi. Nembo ya kijani namba yake ya kijani iko juu, kwahiyo inakuwa nyepesi. Muhuri wa zambarau una nyekundu na bluu juu, nao unakuwa mwepesi. Yaani kitu chochote chenye rangi kinafifia na cheusi kinabaki, hata pale muhuri ulipogongwa juu kabisa ya maneno. Urembo mwembamba, zile nyuzi nyuzi kama za kwenye vyeti, ule mchezo wa unene haufui dafu mbele yake kwasababu nyuzi ni nyembamba kama herufi, huko unategemea rangi tu, pamoja na ile 180 kama zimechapwa kwa kufifia.

Ila hapo kwenye rangi naomba nikusimamishe, kwasababu nilishaumia. Kuna kikundi kimoja kilinipa kazi inayofanana na hii yako, nikapitisha kurasa zote kwa njia hiyo ya namba kubwa, zikatoka safi zinang'aa, nikakabidhi. Mweka hazina wao akanirudia na daftari mkononi. Kwenye ukurasa mmoja michango ilikuwa imechapwa 450,000, baadaye mtu akaikata kwa peni ya bluu na juu yake akaandika 540,000 na kusaini. Peni ya bluu ni rangi. Kodi yangu iliifuta pamoja na mstari wa kukatia, ikabaki ile namba ya zamani imesimama kama hakuna aliyeigusa. Nilikuwa nimewarudishia kosa ambalo wao walishalisahihisha. Tangu siku hiyo sipitishi kazi ya mahesabu bila kwanza kufungua picha zote za mwanzo na kuzipitisha haraka haraka kwa macho, kutafuta peni tu. Picha 140 ni kama nusu saa. Kurasa zenye peni ya bluu ziweke folda yake, na kwenye hizo badilisha mstari mmoja uwe hivi:

```python
kijivu = picha[:, :, 2]
```

Hiyo ni namba ya nyekundu peke yake. Wino wa bluu kwenye nyekundu unaonekana mweusi kabisa kwahiyo unabaki. Nembo ya kijani nayo itaonekana zaidi, lakini kwakuwa ni nene na imefifia kule kugawanya kutaiondoa. Kama peni ni nyekundu, tumia `1` badala ya `2`. Na usitegemee Tesseract isome huo mwandiko wa mkono, haitaweza, unachotaka ni alama ibaki kwenye picha uione uandike mwenyewe.

Jambo jingine linaloua rangi ni WhatsApp. Mteja akikutumia picha kwa njia ya kawaida inabanwa, na kwenye kubana rangi ndo inayopunguzwa kwanza kuliko mwanga na giza, kwahiyo kijani cha nembo kinavuja kinaingia kwenye kingo za herufi nyeusi na muhuri unaacha ukungu. Mwambie akutumie kama Document, au aje na waya umpakulie hapo hapo dukani. Usione aibu kumsumbua, dakika zake kumi zinakuokolea siku mbili.

Urembo wa pembeni wala usihangaike nao kwa kodi za rangi, ukate. Nyoosha ukurasa kwanza ukae mstatili, kisha punguza ukingo kwa upana wa maua pande zote nne. Ukiuacha, Tesseract inauona kama safu ya herufi, unapata "iiiliii" mwanzo wa kila mstari. Kuwa mwangalifu tu na namba za kurasa, wakati mwingine ziko ndani ya maua, ziandike pembeni kabla hujakata. Baada ya hapo unasomesha hivi:

```
tesseract safi_01.png soma_01 -l swa+eng --psm 6 -c preserve_interword_spaces=1
```

`--psm 6` inamwambia ukurasa ni bloku moja ya maandishi, asianze kujitafutia picha na safu. Hii ina sababu kubwa. Mguu wa wotamaki ukibaki na ukagusa mistari miwili mitatu ya maandishi, programu inaona ni donge moja kubwa, ikiachiwa iamue yenyewe inaweza kusema hii ni picha si maandishi na kuruka eneo zima. Hupati herufi za ajabu, hupati chochote, mistari minne imepotea na waliobaki wamesogeleana kama hakujawahi kuwa na mtu katikati. Kwahiyo kwenye kila ukurasa hesabu mistari ya kwenye picha na mistari ya kwenye faili. Ni kazi ya kuchosha lakini hakuna njia nyingine ya kukiona kitu ambacho hakipo.

Sasa ile sehemu niliyosema uisome kwa makini, jinsi ya kujua umetupa nini. Kodi ile inakutolea picha mbili za ziada kwa makusudi. Fungua `karatasi_01.png` kwanza. Pale unatakiwa uone kivuli, nembo na NAKALA, basi. Ukiona vivuli vya maneno ya kweli, mara nyingi kichwa cha habari kilichochapwa kwa herufi nene kubwa, maana yake pikseli 25 ni ndogo kwa picha yako, maandishi yamehesabiwa kuwa karatasi na yatagawanywa yapotee. Panda mpaka 35 au 45. Kinyume chake kama NAKALA haipo kabisa kwenye picha hiyo basi umepanda mno, wotamaki imejazwa kama herufi. Hapo jinsi nzuri ni kupima, vuta picha mpaka uone pikseli, hesabu unene wa herufi nene kuliko zote unayoitaka na unene wa mguu wa wotamaki, kaa katikati yake.

Kisha fungua `takataka_01.png`, hiyo ni vitu ambavyo 180 imevifuta. Utaona vumbi, kingo za herufi kama nyuzi, na michoro ya wotamaki. Hiyo ni sawa. Ila ukiona neno zima linasomeka pale, au tarakimu, simama. Wino wa sehemu hiyo ulikuwa hafifu kuliko 0.7 na umeutupa. Panda kwenye 195 au 200 kwa ukurasa huo, kubali wotamaki kidogo irudi, taka unaweza kuifuta kwa mkono ila tarakimu iliyotupwa hutajua ilikuwa ipi. Kurasa zilizochapwa tona ikiwa inaisha zinahitaji hivi karibu zote, na huwa zinakuja mfululizo, kwahiyo ukikuta mmoja angalia na jirani zake.

Tuchukue ukurasa mmoja wa mahesabu tuupitie. Tuseme ni matumizi ya ujenzi: saruji mifuko 120 kwa 17,000 ni 2,040,000, mchanga lori 6 kwa 180,000 ni 1,080,000, nondo 85 kwa 22,000 ni 1,870,000, ufundi 860,000, na chini pameandikwa jumla 5,850,000. Mguu wa K umepita mshazari juu ya safu ya mwisho. Umesomesha, umebandika kwenye Excel, umejumlisha ile safu na umepata 5,350,000. Tofauti ni 500,000 kamili. Tofauti hiyo inakwambia kitu, 8 kutoa 3 ni 5, kwahiyo kuna 8 kwenye nafasi ya laki imesomwa 3. Mkingamo wa wotamaki umelila bega la kushoto la 8, lililobaki ni 3. Lakini 8 ya laki iko sehemu mbili, kwenye nondo 1,870,000 na kwenye ufundi 860,000, na jumla peke yake haikwambii ni ipi. Hapo rudi kwenye mstari wenyewe, 85 mara 22,000 ni 1,870,000, kama Excel ina 1,370,000 umempata. Kama nondo iko sawa basi ni ufundi, na ufundi hauna bei mara idadi ya kuuthibitisha, huo lazima ufungue picha ya mwanzo uangalie kwa macho.

Ukizoea utajua familia za makosa haya. 8 kuwa 3 ni kukata kulikozidi, wino umeliwa. 0 kuwa 8 au 6 ni kinyume, mstari wa wotamaki umebaki ukakatiza katikati ya sifuri, hapo ulikata kidogo. 1 inayozuka mwanzo wa namba, 450,000 ikawa 1450,000 bila koma, ni ukingo wa mshazari umesimama kama moja, na koma iliyokosekana ndo inayoiumbua. Kwahiyo aina ya kosa inakwambia uelekeze kiwango wapi, juu au chini, huna haja ya kubahatisha.

Kuna kurasa ambazo njia hii haitazisaidia, nikwambie mapema usije ukamwahidi mteja. Kama karatasi aliyopiga picha ilikuwa fotokopi ya fotokopi, nembo ya kijani imeshakuwa nyeusi kama wino. Rangi haipo, na ule uwazi kati ya 0.55 na 0.84 haupo tena. Hapo unabaki na unene tu, na penye wotamaki nene nyeusi juu ya herufi hakuna kilichobaki cha kusoma. Vilevile kama wotamaki iliwekwa na kompyuta juu ya maandishi ikiwa nzito isiyopitisha kitu, chini yake hakuna herufi tena kwenye picha. Kuna programu za kufuta vitu kwenye picha ambazo zitakupa ukurasa mweupe mzuri na namba kamili pale pale palipofutwa, naomba usizitumie kwenye mahesabu kabisa. Ile namba imechorwa kufanana na jirani zake, haijasomwa popote. Andika kwenye faili "[haisomeki]" na mteja ajue.

Na kabla hujaamua ukurasa umeshindikana, muulize mteja karatasi zenyewe ziko wapi. Mara nyingi zipo kabatini kwa katibu Ubungo au Temeke, na dakika tano za skana ya mezani zinashinda kodi yoyote niliyokuandikia, kwasababu skana ina mwanga sawa ukurasa mzima na rangi haibanwi kama kwenye WhatsApp. Kama lazima apige tena kwa simu, karatasi iwe mezani karibu na dirisha, mwanga utokee ubavuni, flashi izimwe, asimame upande ambao kivuli chake hakiingii, na nyuma ya karatasi aweke karatasi nyeusi ili maandishi ya upande wa pili yasipenye.

Kitu kimoja cha kusema wazi, tunachofanya hapa ni kuchukua maandishi, picha yenyewe ya ukurasa inabaki na wotamaki yake na unamrudishia mteja hivyo. Atakuja mtu, na pale Mwenge watakuja wengi, na picha ya cheti au hati ya kiwanja anataka umtolee zile nyuzi za nyuma au neno NAKALA ibaki safi. Hiyo usiifanye. Zile alama zimewekwa ili nakala ijulikane ni nakala, anayehitaji iliyo safi aende ofisi iliyoitoa akaombe iliyothibitishwa. Na kwenye hii kazi yako, kama mihtasari inakwenda kwa wakili au kuna ugomvi wa hela ndani ya kikundi, mwambie mteja aje na katibu na mweka hazina mkae mezani na karatasi halisi mpitie kurasa za mahesabu pamoja, usibebe peke yako uamuzi wa namba ambayo watu watagombania.

Kwa kuanza usipitishe zote 140. Chagua sita, mbili za mwangani, mbili zenye kivuli kibaya, moja yenye muhuri na moja ya mahesabu. Pima unene, jaribu 25 na 180, fungua karatasi na takataka za zote sita, rekebisha. Zikikaa sawa hizo sita, endesha zilizobaki usiku, na asubuhi anza na kurasa za mahesabu kabla ya maneno, jumlisha kila safu, kila jumla isiyolingana na iliyochapwa rudi kwenye picha ya mwanzo. Kama utakwama kwenye kupima unene nitumie ukurasa mmoja, kama Document, ambao hauna majina ya watu, nitakupimia nikuonyeshe nilivyopata.